Ukaguzi wa mwisho wa video ya harusi

"Nimemaliza video ya harusi ya dakika 40, fremu 25 kwa sekunde. Mteja anaichukua kesho. Nikague nini?"

Ndugu, fungua faili lenyewe utakalomkabidhi, si mradi ulio kwenye programu ya kuhariri, maana makosa mengine huzaliwa wakati wa kutoa faili. Litazame lote bila kurukaruka.

Anza na sauti. Tazama midomo kwenye hotuba ya mwanzo, kisha ya mwisho. Ikiwa sauti imepishana kwa kiasi kilekile kote, isogeze tu. Ikiwa mwanzo iko sawa na mwisho imeachana, shuku klipu za simu: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Zigeuze ziwe na kasi moja, uziweke upya. Fremu zilizodondoka utaziona pale kamera inapozunguka polepole ukumbini: picha hushtuka.

Fremu nyeusi moja hukaa sekunde 0.04, na macho yaliyochoka huipita. Huwa ni pengo dogo kati ya klipu mbili. Itafute kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf blackdetect=d=0.03 -an -f null -
```

Kila `black_start` itakayotokea ni sekunde ambapo weusi unaanza; nenda ukaione, kwani nyingine ni giza ulilokusudia.

Maandishi yasikaribie ukingo: kwa picha ya 1920x1080, acha pikseli 96 kila upande, 54 juu na chini. Majina ya maharusi yalinganishe na kadi ya mwaliko, herufi kwa herufi. Mimi niliwahi kuandika "Mwanaisha" badala ya "Mwanaasha", na mama mzazi ndiye aliyeliona kwanza.