Sululu ikidunda kwenye udongo mweusi, pima kwanza

*Shikamoo mhandisi. Nina kiwanja Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Udongo ni mweusi na kiangazi hiki umepasuka mpaka kiganja kinaingia. Fundi alipiga sululu ikadunda, akasema ardhi hii ni ngumu, msingi wa futi mbili unatosha, tuongeze nondo tu. Rafiki yangu anasema nipime kwanza LE ya udongo, yaani kiasi unachovimba na kunywea. Ni lazima? Na inapimwaje?*

Marahaba. Ni lazima, na hiyo sululu iliyodunda ndiyo inayonifanya niseme hivyo.

Kila kiangazi naletewa maneno hayohayo: "ardhi ni ngumu." Udongo wa mbuga una madini yanayoitwa smektaiti, vibamba vyembamba mno ambavyo maji hupenya katikati yake. Maji yakiingia, vibamba vinaachana na udongo unavimba. Yakitoka, vinabanana, bonge linanywea na kukaza kama tofali lililochomwa. Ugumu alioupiga fundi wako ni wa udongo ulionywea, na nyufa ulizoziona ni nafasi iliyoachwa na huko kunywea. Rudi hapohapo Aprili, masika yakiwa yamekolea, upige tena: sululu itazama na kunasa. Nyumba itakaa juu ya hali zote mbili, mwaka hata mwaka.

LE inauliza jambo moja tu: udongo ukitoka kwenye unyevu wa shamba lililonyeshewa na kuchuja maji, hadi kukauka kabisa, urefu wake unabadilika kwa asilimia ngapi ya urefu mkavu? Chini ya 3 hatari ni ndogo. Kati ya 3 na 6 ni ya wastani, 6 hadi 9 ni kubwa, na kuanzia 9 ni kubwa sana.

Kipimo cha kuaminika hufanywa kwa bonge zima ambalo halijavunjwa. Linapakwa plastiki nyembamba, ujazo wake unapimwa likiwa na unyevu, kisha linakaushwa kwenye oveni na kupimwa tena. Hesabu yake ni hii:

```
LE = 100 × ((ujazo_mbichi / ujazo_mkavu)^(1/3) − 1)
```

Bonge la sentimita za ujazo 110 likikauka likabaki 80, uwiano ni 1.375, na LE inatoka 11.2. Hilo ni kundi la juu kabisa.

Ipo njia ya nyumbani ya kukupa dalili. Chekecha udongo kwa chujio la matundu ya milimita 2, ukande na maji uwe kama ugali laini, uache usiku mzima. Kata ncha ya sirinji, usukume vijiti vyenye unene wa sentimita 1, ukate kila kimoja milimita 100, uviache kivulini vikauke taratibu, kisha uvipime. Kijiti kikirudi milimita 85, kimepoteza 15, na 15 gawa kwa 85 ni asilimia 17.6. Wengi hugawa kwa 100. Hiyo ni hesabu ya kipimo kingine cha maabara, cha kunywea kwa mstari, ambacho huanza na udongo uliokorogwa ukawa karibu uji. Namba za vipimo hivi viwili hazilingani, kwa hiyo ukipewa karatasi yenye asilimia, uliza ni kipimo gani na imegawanywa kwa nini. Kijiti nacho hutoa namba kubwa kuliko bonge zima, kwa sababu ukishakanda umevunja mpangilio wa asili wa udongo. Kitumie kulinganisha tabaka na tabaka tu; makundi niliyotaja hapo juu ni ya bonge.

Nimesema tabaka kwa makusudi, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya hata baada ya kulipia maabara. Wanachota koleo moja la udongo wa juu, basi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba upande huohuo wa tambarare. Mlango wa jikoni ulikuwa unafungwa vizuri Septemba, lakini Aprili ukawa unakwama kwenye fremu. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukapanda mshazari hadi kwenye lenta, na kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyopanuka. Ufa mpana juu na mwembamba chini uliniambia kwamba kona ya nyumba ilikuwa inashuka huku katikati pakibaki juu. Tulichimba shimo la mita 1.5 pembeni. Sentimita 30 za juu zilikuwa na LE ya 8, 60 zilizofuata 11, na 60 za mwisho 4. Zidisha unene kwa asilimia, tabaka kwa tabaka: 2.4, 6.6 na 2.4. Jumla ni sentimita 11.4. Ardhi haikauki kama oveni, hasa chini, kwa hiyo mwendo halisi huwa mdogo kuliko huo. Lakini hata robo yake ikitokea upande mmoja tu, ukuta wa tofali hauvumilii. Na msingi wa nyumba ile ulikuwa na futi mbili, yaani ulikaa katikati ya tabaka baya kuliko yote.

Nondo zilikuwemo, tena nene. Nondo haziuzuii udongo kuvimba. Zinasaidia pale tu mhandisi amezipanga kwenye jamvi zima la zege lililo gumu kiasi cha kubeba nyumba nzima kama kipande kimoja, na ili apige hesabu hiyo anahitaji LE ya kila tabaka na kina ambacho unyevu hubadilika. Njia nyingine ni kushusha nguzo za zege hadi chini ya kina hicho na kuacha nafasi tupu chini ya mikanda, au kuondoa udongo mweusi wote na kushindilia kifusi kizuri tabaka kwa tabaka. Kujaza mchanga na mawe kwenye mtaro mwembamba, kama mafundi wengi wanavyofanya, ni kutengeneza beseni: udongo wa pembeni haupitishi maji, mvua inaingia kwenye mchanga, inatuama hapo, na ukuta unalowekwa kutoka chini. Kunyunyiza chokaa mtaroni nako ni kupoteza hela. Chokaa hufanya kazi ikichanganywa na udongo wenyewe kwa kipimo, ikashindiliwa.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaouza viwanja kwa maneno ya "hapa pagumu, hata msingi huhitaji." Hawauzi Aprili, wanauza Septemba. Wengine wanaleta mfano wa nyumba za Machame na Marangu zilizosimama miaka mingi juu ya misingi mifupi. Udongo mwekundu wa miteremko ile hauna smektaiti ya kiasi hiki, hivyo mfano huo hauna maana tambarare. Kama unanunua kiwanja cha udongo mweusi popote Moshi au Arusha, omba kuchimba shimo kabla ya kutoa hela.

Wewe chimba lako sasa, kabla ya vuli kufunga nyufa. Shuka nalo taratibu na usimwache mtu ndani peke yake, udongo huu humomonyoka ghafla. Tazama kuta zake: ukiona nyuso za mshazari zinazong'aa na zenye mikwaruzo, kama zimesuguliwa kwa mafuta, hapo udongo umekuwa ukiteleza juu ya mwenzake. Pima kina ambapo nyuso hizo zinaishia, toa mabonge mawili kutoka kila tabaka, ufunge kila moja kwa nailoni na kuandika kina chake, kisha ulete yote.