Ukitaka kuielewa kabonidioksidi kwenye damu, ifuate H+

"Dada, shikamoo. Najua kabonidioksidi nyingi husafiri kwenye damu kama bikaboneti, hiyo nimeshaikariri. Ila nikiulizwa kwa nini damu iliyoishiwa oksijeni hubeba nyingi zaidi, nakwama. Mtihani wa mdomo ni wiki ijayo."

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa pabaya, kwa sababu hilohilo niliulizwa mimi mbele ya watahini wawili. Nilianza kujibu kwa kueleza inakokwenda haidrojeni. Mmoja akanikatiza: "Nimekuuliza kaboni, wewe unanipa haidrojeni?" Akamgeukia mwenzake, wakacheka. Jibu lilikuwa sahihi na nilifaulu, lakini kicheko kile bado nakisikia. Leo ninafundisha somo hilohilo, na kila darasa naanzia palepale nilipokatizwa: ifuate H+.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu utabaki na maneno matupu. Mwili uliopumzika huzalisha takriban mililita 200 za kabonidioksidi kwa dakika, na moyo husukuma lita 5 hivi za damu katika dakika hiyo. Kwa hiyo kila mililita 100 za damu zinapaswa kuchukua mililita 4 tu kutoka kwenye tishu. Nasema "tu" kwa sababu damu ya ateri inafika pale ikiwa tayari na mililita 48 hivi. Inaondoka na 52. Sehemu kubwa ya kabonidioksidi iliyo kwenye damu ni akiba isiyoshuka kituo chochote, na kazi yote tunayoizungumzia ni ya zile 4. Shinikizo lake nalo hupanda kidogo mno, kutoka milimita 40 za zebaki hadi 45. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Gesi ikitoka kwenye tishu hupita plazma na kuingia ndani ya chembe nyekundu. Ndani ya plazma yenyewe ingeweza kuungana na maji, lakini polepole, na damu hukaa kwenye kapilari kwa muda usiozidi sana sekunde moja. Ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidresi, chenye zinki katikati yake, kinachoimaliza kazi hiyo papo hapo:

```
CO2 + H2O ⇌ H2CO3 ⇌ H+ + HCO3-
```

Itazame mishale hiyo. Inaelekea pande zote mbili. Zao lolote kati ya mawili ya upande wa kulia likirundikana, mmenyuko unakwama na kabonidioksidi haiingii tena. Kwa hiyo swali halisi la mada hii nzima ni moja: nani anayaondoa mazao hayo?

Bikaboneti huondolewa kwa kubadilishana. Kwenye utando wa chembe nyekundu kuna protini iitwayo bendi 3, inayotoa bikaboneti moja kwenda kwenye plazma na kuingiza kloridi moja. Chaji hasi imetoka, chaji hasi imeingia, mizani ya umeme haiyumbi. Potasiamu isingeweza kuisindikiza bikaboneti nje kwa kasi hiyo, kwa kuwa utando hauziruhusu ioni chanya kupita kirahisi. Huko ndiko kuhama kwa kloridi. Wanafunzi wangu hupenda kuandika kwamba kloridi "inabeba" kabonidioksidi. Haibebi chochote, inajaza nafasi ya chaji iliyotoka. Na ukitaka ushahidi, pima chembe zenyewe: chembe nyekundu za damu ya vena zina kloridi nyingi kuliko za ateri, na zimevimba kidogo, kwa sababu ioni zilizomo ndani zimeongezeka na maji yamezifuata.

Ndiyo maana bikaboneti nyingi utaikuta kwenye plazma ingawa ilitengenezwa ndani ya chembe. Mtahini mjanja atakutega hapo.

Sasa H+, na hapa naomba utulie. Utando hauna njia ya haraka ya kuitoa nje kama ilivyotolewa bikaboneti. Inabaki ndani, na wa kuipokea ni hemoglobini, hasa kupitia vipande vyake vya histidini. Lakini angalia wakati jambo hili linapotokea: ni dakika ileile hemoglobini inapoiachia tishu oksijeni. Ikiiachia, umbo lake hubadilika, na baadhi ya vipande vyake hupata hamu kubwa zaidi ya kushika H+. Kwa kila molekuli ya oksijeni inayoachiwa, hemoglobini hupata uwezo wa kushika takriban H+ 0.7 bila pH kubadilika. Tishu nazo, kwa kila molekuli ya oksijeni wanayotumia, hutoa kabonidioksidi kama 0.8. Linganisha namba hizo mbili. Karibu asidi yote iliyozaliwa imeshapata pa kukaa, na pH ya damu hushuka kidogo tu, kutoka 7.40 hadi 7.37 hivi.

H+ ikiondolewa, mmenyuko unasonga kulia, bikaboneti zaidi inatengenezwa, kloridi zaidi inaingia. Isitoshe, hemoglobini isiyo na oksijeni hushika kabonidioksidi nyingi zaidi moja kwa moja kwenye ncha za minyororo yake. Christiansen, Douglas na Haldane waliyaonyesha haya mwaka 1914, na jina lililobaki vitabuni ni la Haldane.

Rudi kwenye zile mililita 4. Kama hemoglobini ingebaki na oksijeni yake, kupanda kwa shinikizo kutoka 40 hadi 45 kungeongeza mililita 2 hivi tu, yaani 48 kuwa 50. Mbili zilizobaki zinatokana na kuachiwa kwa oksijeni. Nusu ya mzigo! Anayekariri "athari ya Haldane" bila kuiona nusu hii hajasoma, amepiga picha ya ukurasa. Jamani, acheni kukariri majina. Fuateni H+. Na mkichanganya Bohr na Haldane, fuateni H+ tena: kwa Bohr, kuongezeka kwa H+ kunaisukuma oksijeni itoke, kwa Haldane, kutoka kwa oksijeni kunaikaribisha H+.

Kwenye mapafu kila kitu hurudi nyuma. Oksijeni inaingia, H+ inafukuzwa, inaungana na bikaboneti iliyorudi ndani huku kloridi ikitoka, na kabonidioksidi inapumuliwa nje.

Swali la nyongeza unalopaswa kulitarajia ni la mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, aliyepewa oksijeni nyingi kisha kabonidioksidi ikampanda. Hemoglobini yake imejaa oksijeni, imeachia H+ na kabonidioksidi iliyokuwa imeishika. Mtu mzima wa afya angeongeza kupumua kidogo akaitoa, huyu hawezi. Lakini usiishie hapo, maana sababu nyingine kubwa ni kwamba mishipa ya damu iliyokuwa imejibana kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa ya kutosha hufunguka, na damu ikapelekwa pasipo na faida. Taja zote mbili. Ukiulizwa afanyiwe nini, usiseme anyimwe oksijeni. Anapewa kwa kipimo, na kwa kawaida ujazo wa oksijeni kwenye hemoglobini hulengwa kati ya asilimia 88 na 92.