RET hairudi ilikoitwa: inarudi SP inakoielekeza

Wiki hii msomaji amenitumia programu yake ya AT89S51, chipu ya jamii ya 8051, na ujumbe mfupi: "Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Nimeongeza amri moja tu, spika imenyamaza. Nimebadilisha chipu, bado." Programu ni hii, kabla ya nyongeza yake. Kristali ni ya 12 MHz, na spika ndogo imeunganishwa kwenye P1.0 kupitia transista.

```
        ORG 0000H
        MOV SP,#2FH
TENA:   CPL P1.0
        LCALL SUBIRI
        SJMP TENA

        ORG 0020H
SUBIRI: PUSH ACC
        MOV A,#250
        DJNZ ACC,$
        RET
        END
```

Amri aliyoongeza ni `MOV A,#3CH`, kabla ya LCALL. Jibu langu halikumfurahisha: chipu yako ni nzima, na programu yako haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Ilikuwa inatoa sauti, basi. Nataka kueleza kwa nini, maana kosa hili nalikuta kila mara kwa watu wenye uwezo mzuri tu, na chanzo chake ni kilekile: wamekariri kwamba RET "inarudi ilikoitwa". RET haijui ilikoitwa. Haina kumbukumbu ya jambo hilo hata kidogo.

Tuanze na LCALL, amri inayoita programu tanzu. Kaunta ya programu, PC, ni rejista ya biti 16 inayoshika anwani ya amri inayofuata. Kielekezi cha staki, SP, ni rejista ya baiti moja inayoshika anwani ya baiti ya mwisho iliyowekwa kwenye staki, yaani kwenye lile rundo la RAM ambalo cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Katika programu hii `MOV SP,#2FH` inachukua baiti 3, kwa hiyo CPL iko kwenye 0003H. CPL ni baiti 2, LCALL iko kwenye 0005H. LCALL yenyewe ni baiti 3. Kichakataji kikishaisoma yote, PC tayari imesogea hadi 0008H, ambako SJMP inasubiri. Hiyo 0008H ndiyo anwani ya kurudia, na hakuna aliyeikokotoa: ni PC ilivyokutwa baada ya LCALL kusomwa.

Sasa tazama kinachoandikwa. SP ni 2FH. Inapanda hadi 30H, kisha nusu ya chini ya PC, 08H, inawekwa hapo. SP inapanda tena hadi 31H, na nusu ya juu, 00H, inawekwa. Ndipo PC inapewa 0020H na programu tanzu inaanza. PUSH ACC inapandisha SP hadi 32H na kuweka thamani ya A hapo. RAM ikasomeka hivi:

```
30H: 08
31H: 00
32H: A ilivyokuwa
SP = 32H
```

RET inafanya kinyume cha LCALL, bila kuuliza swali. Inachukua baiti inayoelekezwa na SP na kuifanya nusu ya juu ya PC, inashusha SP, inachukua inayofuata na kuifanya nusu ya chini, inashusha SP tena. Kama SP ingekuwa 31H, PC ingepata 0008H na SP ingerudi 2FH kama tulivyoikuta. Lakini msomaji wangu alisahau POP ACC, inayotoa kile PUSH ACC ilichoweka, kwa hiyo SP bado ni 32H. Nusu ya juu ya PC inakuwa thamani ya A iliyohifadhiwa, nusu ya chini inakuwa 00H iliyokuwa 31H, na ile 08H iliyobeba njia ya kurudi inabaki pale haijaguswa.

Mbona basi spika ililia? Hapa pana jambo linalohitaji utulivu. Chipu ikiwashwa, A ni 00H. PUSH ACC inaweka 00H kwenye 32H, na RET inaunda PC ya 0000H. Programu inaanza upya tangu mwanzo! SP inapewa 2FH tena, kwa hiyo uchafu uliobaki kwenye staki unafutika kimyakimya. CPL inageuza P1.0. LCALL inaita SUBIRI. Na A? DJNZ ilizunguka mpaka A ikafika sifuri, kwa hiyo A ni 00H tena, na mzunguko unajirudia vilevile. Pini inageuka, spika inalia, na SJMP TENA haijawahi kutekelezwa hata mara moja.

Ukihesabu muda utaona kwa nini sikio haliwezi kugundua. Kwa kristali ya 12 MHz, mzunguko mmoja wa mashine ni mikrosekunde 1. Programu sahihi, yenye POP ACC, inatumia 512 kutoka CPL moja hadi nyingine, na 500 kati ya hizo ni za DJNZ peke yake. Hii yenye kosa inatumia 510: imekosa mizunguko 2 ya POP, na mahali pa SJMP ya mizunguko 2 pameingia `MOV SP` ya mizunguko 2. Tofauti ni mikrosekunde mbili tu.

Alipoongeza `MOV A,#3CH`, baiti iliyoingia 32H ikawa 3CH. RET ikaunda 3C00H. AT89S51 ina flashi ya kilobaiti 4, kuanzia 0000H hadi 0FFFH. Hata kama pini ya 31, EA, imefungwa kwenye 5V, anwani inayozidi 0FFFH inatafutwa kwenye kumbukumbu ya nje, na kwenye saketi yake hakuna kumbukumbu ya nje. Kichakataji kinasoma chochote kinachoonekana kwenye pini za P0 na kukitekeleza kama amri. Kuanzia hapo usijaribu kueleza tabia ya saketi, na wala usibadilishe chipu. Kosa liko nyuma, kwenye amri ambayo haikuandikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mkali na siulegezi: kila PUSH iwe na POP yake katika kila njia inayofika kwenye RET. Nasema kila njia, maana programu tanzu yenye JZ au JNB katikati inaweza kuwa na RET mbili, na ile ya pili ndiyo inayosahauliwa. Jizoeze kuwa na RET moja tu, mwishoni, na matawi yote yaruke kwenda kwenye POP zilizo juu yake.

Kosa la pili linatokana na SP yenyewe kutopewa thamani. Chipu za 8051 zikiwashwa, SP ni 07H, kwa hiyo baiti ya kwanza ya staki inakwenda 08H. Lakini 08H ndiyo R0 ya benki ya 1 ya rejista! Mtu anayeandika programu tanzu ya kusubiri kwa kutumia benki hiyo anafanya hivi:

```
SUBIRI: SETB RS0
        MOV R0,#250
        DJNZ R0,$
        CLR RS0
        RET
```

Hakuna PUSH wala POP, kila kitu kinaonekana safi. Lakini kama `MOV SP` haipo, LCALL iliweka nusu ya chini ya anwani ya kurudia kwenye 08H, na `MOV R0,#250` imeiandika juu yake. DJNZ ikimaliza, 08H ni 00H. Ikiwa anwani ya kurudia ilikuwa 0123H, RET inaelekea 0100H. Ikiwa ilikuwa 0008H, inaelekea 0000H, na programu inaanza upya. Dalili ni kwamba kurudi kunaangukia daima kwenye anwani inayoishia na 00. Ukiona hivyo, angalia SP kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana tunaandika `MOV SP,#2FH`: staki inaanza 30H, juu ya benki zote nne na juu ya eneo la biti la 20H hadi 2FH.

Ukianzia hapo, AT89S51 yenye RAM ya baiti 128 inakuachia 30H hadi 7FH, baiti 80. Ukiweka vigezo vyako kwenye eneo hilohilo, vitoe kwenye hesabu. Kila mwito unakula 2, kila PUSH 1, na katizo likiingia linakula 2 nyingine za PC peke yake. A na PSW hazihifadhiwi mpaka uzihifadhi wewe. Inatosha kabisa, isipokuwa kwa anayetoka kwenye programu tanzu kwa `LJMP TENA` badala ya RET, kwa sababu eti "kuna hitilafu, nirudi mwanzo". Kila akifanya hivyo, baiti 2 zinabaki. Mara 40 hazionekani, kisha SP inapita 7FH, na baiti zinazosukumwa huko zinapotea. Saketi inayofanya kazi asubuhi na kuganda mchana mara nyingi ni hii.

Kulinasa si kazi kubwa. Weka `MOV P2,SP` mara tu baada ya LCALL kwenye mzunguko mkuu, na vitaa vinane vya LED kwenye P2. Visomeke 0010 1111 wakati wote. Vikipanda, kuna mahali staki haishuki. Kipimo hiki kina udhaifu mmoja, na programu ya msomaji wangu ingekihadaa, maana kila inapoanza upya SP inasahihishwa, na amri iliyo baada ya LCALL haifikiwi kamwe. Kwa hiyo ongeza `CPL P1.1` mara moja, kati ya `MOV SP` na TENA, na LED kutoka 5V kupitia kizuizi cha kiloomu 1 hadi P1.1. Programu ikiwa nzima, amri hiyo inatekelezwa mara moja na LED inawaka kwa mwanga kamili. Ikiwa inaanza upya kila mara, LED inafifia hadi nusu ya mwanga, kwa sababu inawashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.

Msomaji mwenye mita inayosoma masafa hahitaji hata LED. Programu yake ya kwanza, iliyokosa POP ACC, inasoma karibu 980 Hz kwenye P1.0. Akiweka POP ACC juu ya RET, mita itashuka hadi karibu 977, na hizo herzi tatu zilizopungua ndizo zinazoonyesha kwamba sasa RET inafika 0008H.