Kabla hujawaahidi watoto video ya katuni ya AI, jiulize haya kwanza

Walimu mlioanza kazi juzi juzi, hii nawaandikia nyie, maana najua mmeshaona zile klipu za AI zinavyopendeza na mkono unawasha kwenda darasani kutangaza "Ijumaa nawaletea katuni". Mimi nilitangaza. Darasa la sita, somo la sayansi, mada mzunguko wa damu, nikawaambia Ijumaa mtaona moyo unavyofanya kazi kwa macho yenu. Watoto wakaambiana mpaka la tano na la saba wakajua. Ijumaa ikafika mimi sina kitu cha kuonyesha, nina klipu kumi na moja za moyo na kila moja ina moyo wake.

Swali ambalo sikujiuliza, na ndilo ningeanza nalo leo, ni hili: kwenye somo hili kile kinachosogea ni pambo au ndio somo lenyewe? Ukifundisha historia ukataka jahazi likiwa baharini, jahazi likiyumba kidogo hivi au vile hakuna mtoto atakayepotea, lile ni pambo tu. Lakini mzunguko wa damu, mwelekeo wa damu ndio somo. Mtoto akiona damu inaenda upande siyo, umemfundisha uongo, tena uongo wenye rangi na mwendo ambao hautoki kichwani kirahisi. Hizi programu za kutengeneza video hazijui vali ni nini, zimeona picha nyingi za moyo na zinachora kitu kinachofanana na moyo, mwendo nao unakuwa wa kufanana tu. Kwahiyo pale ambapo mwendo ndio somo ndipo zinapokosea vibaya zaidi, na ndipo sisi walimu tunapozitaka zaidi. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Ngoja nieleze nilichokiona. Tone la damu lina vituo vyake na havirukwi: linatoka mwilini kwa vena kava, linaingia auriko ya kulia, linashuka ventriko ya kulia, linatoka kwa ateri ya mapafu, linafika mapafuni linachukua oksijeni, linarudi kwa vena za mapafu mpaka auriko ya kushoto, linashuka ventriko ya kushoto, ndipo linasukumwa kwenye aota kwenda mwilini. Vituo tisa ukihesabu na mapafu. Klipu yangu ya kwanza, ile nzuri kuliko zote, damu ilitoka auriko ya kulia ikapenya ukuta wa katikati ikaingia upande wa kushoto moja kwa moja, mapafu hayakuguswa kabisa. (Njia kama hiyo ipo kweli kwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, huwa inajifunga baada ya kuzaliwa, ila darasa la sita ukianza kueleza hilo kipindi kimeisha.) Klipu ya pili aota ilikuwa inaingiza damu badala ya kutoa. Ya tatu moyo wote ulibanwa kwa pamoja kama mtu anakamua sponji, wakati ukweli ni kwamba auriko mbili zinabana kwanza halafu ndio ventriko mbili zinafuata, na mtoto asipoiona ile zamu hatakuelewa vali zina kazi gani.

Na mimi aisee mwanzoni nilizipitisha! Nilizitazama kwa mwendo wake wa kawaida, zinang'aa, nikasema safi. Kwahiyo swali la pili ni je, nina uwezo na muda wa kulikamata kosa? Sio kutazama, kukagua. Sasa hivi nafanya hivi: naandika vile vituo tisa kwenye karatasi kabla sijafungua chochote, naicheza klipu kwenye VLC, nabonyeza `[` mpaka iende polepole kabisa, nikifika sehemu yenye utata nabonyeza `e` inasogea picha moja moja. Nachagua tone moja, naweka kidole kwenye kioo, nalifuata. Kidole kikifika mahali ambapo karatasi haina, klipu imekufa, hata iwe nzuri namna gani. Klipu ya sekunde 8 inanichukua kama dakika tano kuikagua hivyo. Kama somo lenyewe huna uhakika nalo kiasi cha kuandika vituo bila kufungua kitabu, basi usiahidi, soma kwanza.

Kwenye kukagua kuna mitego miwili ya moyo hasa. Wa kwanza ni kulia na kushoto. Upande wa kulia wa moyo unaonekana kushoto kwa anayetazama, kwasababu tunamtazama mtu aliyetugeukia, na video ya AI inaweza kugeuza hilo katikati ya kazi bila wewe kushtuka. Ukiona ukuta wa ventriko ulio mnene zaidi uko upande wa kushoto wa kioo, jua moyo umegeuzwa, maana ventriko ya kushoto ndiyo yenye ukuta mnene kwakuwa inasukuma mpaka vidoleni na miguuni, ile ya kulia inasukuma hapo mapafuni tu. Mtego wa pili ni rangi ya bluu. Tunachora damu isiyo na oksijeni kwa bluu ili kutofautisha tu, yenyewe ni nyekundu iliyokoza. Kwenye mchoro wa ubaoni mtoto anajua ni chaki, kwenye video inayofanana na ukweli anaamini ana damu ya bluu mwilini. Lazima useme kwa mdomo.

Haya, swali la tatu ni hesabu tu, ambayo kama ningeifanya jumatatu nisingeadhirika ijumaa. Programu nyingi zinakupa klipu fupi fupi, sekunde 5, 8, labda 10. Niliahidi dakika 3, ambazo ni sekunde 180, gawa kwa 8 unapata klipu 23. Kila klipu haitoki mara ya kwanza, mimi nilikuwa napata moja inayofaa katika majaribio manne, kwahiyo 23 mara 4 ni majaribio 92. Akaunti ya bure haifiki huko hata robo, na bando linakatika huku unasubiri. Halafu klipu hazikumbukani, yaani moyo wa klipu ya pili hauna habari na wa kwanza, huu una mishipa minne, ule una miwili kama masikio ya sungura. Kuna programu zinakuruhusu kuipa picha yako ianzie hapo, inasaidia umbo lisibadilike sana, lakini mwelekeo wa damu bado haisaidii.

Maneno kwenye picha usihangaike nayo kabisa. Niliomba iandike "ventriko ya kulia" nikapata "vetrinko ya kulja", nikarudia mara sita kila mara herufi zinacheza. Omba picha isiyo na maandishi yoyote, majina uyaweke mwenyewe baadaye kwenye programu ya kuhariri video, hata ya simu inatosha.

Sauti je? Sauti za Kiswahili za mashine zipo, Microsoft kwa mfano wana za Tanzania wameziita Rehema na Daudi, na za Kenya Zuri na Rafiki, na kwa sentensi za kawaida zinasikika vizuri. Wasiwasi wangu ni kwenye istilahi, hivyo zisikilize zinavyotamka "auriko", "vena kava" na "ateri" kabla ya kitu kingine, kwasababu mkazo ukikaa pabaya watoto watalibeba neno hivyo hivyo mpaka kwenye mtihani wa kutamka... aa mtihani wa kutamka haupo, lakini mmenielewa. Mimi niliishia kurekodi sauti yangu na simu ndani ya stoo ya vitabu, vitabu vinameza mwangwi. Maneno kama mia tatu kwa dakika tatu yananitosha, nikizidisha naanza kukimbia.

Na swali linalosahaulika: itaonyeshwa wapi? Watoto sitini kwenye laptopu moja, wa nyuma wanaona visogo vya wenzao. Kama projekta ni ya kuazima, iazime kabla ya kuahidi, na uijaribu saa ile ile ya kipindi, maana darasa letu lina madirisha upande wa mashariki na saa tatu asubuhi ukutani huoni kitu. Kama utawatumia wazazi kwenye simu, dakika 3 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 22 na nusu, ukitengeneza kwa ubora wa juu inafika mara mbili au zaidi ya hapo, na kuna mzazi bando lake la siku halifiki huko. Jambo jingine haraka, watoto wataomba uweke picha zao kwenye katuni. Hapana. Picha ya mtoto usiipandishe kwenye programu ya watu bila ridhaa ya mzazi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019.

Mnataka kujua iliishaje. Wiki iliyofuata nilichora moyo mwenyewe kwenye karatasi kubwa, nikaupiga picha mchana kwenye mwanga mzuri, nikauweka PowerPoint. Nikachora kiduara chekundu na kingine cha bluu, nikaenda Animations, Add Animation, Custom Path, nikavuta njia kwa mkono kupitia vituo vyote tisa, kwenye Timing nikaweka irudie Until End of Slide. Jioni mbili. Baada ya hapo File, Export, Create a Video. Damu haiwezi kukosea njia kwasababu njia nimeichora mimi. AI niliiachia mwanzo tu, sekunde 8 za mtoto anakimbia uwanjani halafu anashika kifua, hapo hata ikikosea kidogo haidhuru, ingawa kwenye jaribio la kwanza yule mtoto alikuwa na vidole sita na nilijua darasa zima litavihesabu.

Sasa nimejiwekea utaratibu: naanza na klipu ngumu kuliko zote, ile yenye mwendo ambao ndio somo, naipa majaribio manne. Ikigoma najua mapema nitachora mwenyewe, na kama sina jioni mbili, darasani sisemi neno video. Muhula huu tunaenda kwenye figo. Nimejaribu juzi usiku, mara zote nne mkojo ulikuwa unatoka kwenye kibofu unapanda juu kwenda kwenye figo. Manila nimeshanunua.