Moyo kuruka usiku hedhi inapoelekea kukoma

"Nina miaka 46, hedhi imevurugika. Usiku moyo unaruka kama umesimama, kisha unapiga kwa kishindo. Ni homoni tu au nikapime moyo?"

Pole sana, dada. Mara nyingi hilo ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Baada yake moyo hutulia kidogo na kujaa damu zaidi, ndiyo maana pigo linalofuata huja na kishindo. Estrojeni inapopanda na kushuka ovyo, neva zinazoongoza mwendo wa moyo hushtuka kirahisi, na joto la ghafla likikupata mapigo huenda mbio dakika chache. Ikiwa hali inakuja umetulia, inapita yenyewe, na ukipanda ngazi haikusumbui, kwa kawaida haina madhara.

Hata hivyo usikisie. Moyo ukianza, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima ukitazama saa. Yakiwa sawasawa, yakiruka moja hapa na pale, nenda kapime kwa utulivu. Yakiwa yamevurugika kabisa, hayana mpangilio wowote, wahi kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu kuna hali ya namna hiyo inayoweza kugandisha damu ndani ya moyo na kuleta kiharusi.

Mimi mapigo yalikuwa sawasawa, ila nikiwa nimeketi tu yalifika 104. Hedhi nayo ilikuwa nzito mno, pedi inalowa ndani ya saa moja na mabonge yanatoka. Kipimo cha moyo kilitoka safi. Daktari akaniuliza habari za hedhi, akapima damu: 8.4, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa pungufu ikishuka chini ya 12. Damu ikipungua moyo hulazimika kukimbia ili oksijeni ifike mwilini. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, hedhi ikatibiwa, na zile mbio zikaisha. Miruko ya usiku bado inakuja mara mojamoja. Kwa hiyo omba upimwe wingi wa damu na tezi ya thairoidi, maana hiyo nayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mbio, jasho na kukosa usingizi, dalili zilezile tunazozisingizia homoni.

Ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi moyo unapokimbia, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mbio zikija unapofanya kazi nzito au mazoezi, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, muone daktari mapema na umwambie wazi.

Jambo moja zaidi: kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hurekodi sekunde chache tu. Kikitoka safi na miruko inaendelea kukusumbua, uliza kile kifaa unachovaa saa 24 au zaidi, na uandike saa ya kila mruko ili daktari alinganishe na rekodi.