Mshipa wa moyo ulioziba nusu tu

"Mjomba aliambiwa mshipa wa moyo umeziba asilimia 40 tu. Miezi miwili baadaye akapata shambulio la moyo. Walikosea kupima?"

Huenda hawakukosea. Kolesteroli haigandi juu kama uchafu kwenye bomba, inaingia ndani ya ukuta wa mshipa. Seli za kinga huimeza mpaka zinafia humo, kisha utando unafunika rundo hilo. Utando mwembamba ukichanika, damu hugusa rundo lile na kuganda, na donge linaweza kuziba mshipa ndani ya dakika chache. Nasoma picha za mishipa ya moyo kazini: ile ya kawaida, inayopigwa kwa kuingiza dawa ya rangi kwenye mshipa, huonyesha upana wa njia ya damu, si unene wa utando. Ila mshipa ulioziba asilimia 70 nao usiupuuze, na madonge mengine huanza bila utando kuchanika.