Picha ya mgongo ilinidanganya mara mbili

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Mabega ya watu nayajua kwa vidole. Wateja wangu wengi bega moja liko chini kidogo, kwa kawaida la mkono wanaoutumia zaidi, na nguo naikata kufuata hivyo bila kusema neno. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, nilipomshonea binti wa dada yangu blauzi ya shule na pindo la chini likapanda upande mmoja, nilijilaumu mwenyewe. Nikafumua, nikashona upya. Likapanda tena.

Alikuwa na miaka 12, na mwaka huo alikuwa ameota kama mgomba. Nikamwambia asimame, nikampiga picha ya mgongo kwa simu ili nimwonyeshe mama yake. Kwenye picha bega la kulia lilikuwa juu ya la kushoto waziwazi, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba uti wa mgongo wake umepinda. Dada yangu alipoiona akacheka: "Wewe si umeshika simu upande! Hebu tazama mlango." Kweli, fremu ya mlango nyuma ya mtoto ilikuwa imelala kama mlevi.

Ndiyo maana nasema ukitaka kupiga picha hii, ipige kwa makini au uache kabisa. Mabega ya mtoto wa umri ule yana upana wa kama sentimita 30. Simu ikiinama nyuzi 3 tu, kiasi ambacho mkono hauhisi, bega moja litaonekana juu kwa sentimita moja na nusu hivi. Hicho ni kiasi kilekile ambacho kingekutia wasiwasi kama kingekuwa cha kweli. Tulipopiga upya niliiegemeza simu kwenye stuli juu ya meza, ikawa kwenye kimo cha katikati ya mgongo wake, na meza nikairudisha nyuma, mita mbili na nusu kutoka kwake. Kutoka darini nilining'iniza uzi wenye nati ya baiskeli mwishoni, ushuke pembeni mwa mtoto. Uzi huo haudanganyi. Ukiwa umeinama kwenye picha, picha ndiyo imeinama.

Mtoto naye ana namna ya kusimama. Peku, juu ya sakafu ya sementi iliyo sawa, visigino vimekaribiana, magoti yamenyooka, mikono imening'inia, nywele zimefungwa juu ya kichogo. Akiegemea mguu mmoja, nyonga inapanda na bega linashuka. Akigeuza kiwiliwili kidogo, bega lililo karibu na kamera linaonekana kubwa na la juu. Kwa hiyo alitembea chumbani, akarudi, akasimama upya, na tukapiga picha tatu badala ya moja. Kitu kinachobadilika kutoka picha hadi picha ni mkao. Kinachobaki palepale katika zote tatu ndicho cha kuangaliwa.

Jambo moja kuhusu heshima: mgongo lazima uwe wazi, shati linaficha kila kitu. Binti yule alijifunga kanga kifuani, mama yake akiwepo, na uso haukuingia kwenye picha. Picha haikutumwa kwenye kundi lolote la WhatsApp la ukoo, hata shangazi alipoiomba.

Sasa ndipo nilipokosea. Kwenye picha zile tatu nzuri, mabega yalikuwa karibu sawa. Nikashusha pumzi na kumwambia dada yangu, "Hana kitu, ilikuwa simu." Tukaendelea na maisha.

Picha zile zilikuwa na habari nyingine, na mimi fundi wa viuno sikuisoma kwa sababu macho yangu yalikuwa mabegani. Mwanya kati ya mkono na kiuno haukulingana. Kiuno cha kushoto kilikuwa kimeingia ndani, cha kulia kilikuwa kimenyooka kama ubao. Mfupa bapa wa nyuma ya bega la kulia ulikuwa umetokeza zaidi ya mwenzake. Ndiyo sababu pindo lilipanda: kitambaa kilikuwa kinapita juu ya mlima ambao upande wa pili haukuwepo.

Likizo ya mwezi wa tano aliporudi, blauzi ilikuwa inavuta mgongoni. Safari hii nilimwambia ainame, kama anayetaka kuokota sindano, magoti yamenyooka, viganja vimekutanishwa, mikono inaning'inia. Nikachutama nyuma yake, macho yangu sawa na mgongo wake. Mbavu za kulia zilikuwa zimeinuka juu kuliko za kushoto, kama mkate uliovimba upande mmoja. Akisimama, kile kilima kilikuwa kinajificha. Kesho yake tukaenda kwenye kituo cha afya, wakatuandikia barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa.

Nieleze alichofanya daktari, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa picha inaishia wapi.

Kwanza alishika nyonga zote mbili kwa vidole gumba kuona kama ziko kimo kimoja, kisha akapima urefu wa miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi, nyonga inashuka na uti wa mgongo unapinda ili kichwa kibaki katikati. Ukiweka kibao chini ya mguu ule, mgongo unanyooka. Kwenye picha mtoto huyo na mwenye tatizo la uti wenyewe wanaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana alimwinamisha akiwa amesimama, halafu akamwinamisha tena akiwa ameketi kwenye stuli, pale ambapo miguu haina la kusema. Kilima kilibaki.

Kisha akalaza juu ya mbavu zake kifaa kidogo kama pima-maji ya fundi mwashi, kinaitwa skoliomita. Kilisoma nyuzi 9. Alisema kuanzia 5 hadi 7 hivi wao huwa hawapuuzi. Kifaa hicho kinapima kujisokota, si kupinda. Katika ugonjwa huu, unaoitwa skoliosisi, pingili za uti wa mgongo hazipindi tu kwenda kando, zinazunguka pia kama nguo inayokamuliwa. Zikizunguka, zile ncha unazozigusa chini ya ngozi zinarudi kuelekea upande wa ndani wa pindo la uti. Mstari unaouona mgongoni kwa macho au kwenye picha unakuwa umenyooka kuliko uti wenyewe. Yaani picha yangu, hata ingepigwa na bingwa, ingeonyesha pindo dogo kuliko lililopo.

Aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Ameshaanza hedhi? Bado. Hilo lilimkunja uso, kwa sababu mtoto ambaye hajaanza bado ana urefu mwingi wa kuongeza, na pindo hukua pamoja na urefu. Anaamka usiku kwa maumivu? Miguu inaishiwa nguvu, mkojo unamtoka? Amekuwa na homa, kikohozi, kupungua mwili? Hayo ya mwisho ni kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho hapa kwetu kinaingia hata kwenye uti wa mgongo. Kikiingia, pingili huporomoka na kutoa kibyongo chenye ncha, unachokiona vizuri zaidi ukimtazama mtu kwa ubavu kuliko kwa nyuma. Aligonga magoti kwa kinyundo, akamkwaruza tumbo kidogo kuona kama misuli inaruka, akatafuta kiuno chote kama kuna kishungi cha nywele au mabaka ya rangi ya kahawa. Vitu hivyo vinaweza kuashiria kwamba chanzo kiko kwenye mishipa ya fahamu. Kwake vyote vilikuwa salama.

Ndipo ikaja eksirei ya uti mzima, akiwa amesimama. Kulala hakufai, kwa sababu pindo hupungua mtu akilala. Daktari alichora mistari kwenye pingili zilizoinama zaidi juu na chini ya pindo, akapima pembe kati yake: nyuzi 28. Chini ya 10 haiitwi skoliosisi. Juu zaidi, karibu na shingo, kulikuwa na pindo dogo linaloelekea upande mwingine, na hilo ndilo lililosawazisha mabega. Mwili wake ulikuwa umejirekebisha wenyewe ili kichwa kikae katikati, na mimi nikauita mzima.

Dada yangu aliuliza kama ni jerikani za maji au begi la shule. Daktari akasema hapana. Aina hii, ambayo ndiyo ya kawaida kwa watoto wa rika hilo, chanzo chake hakijulikani, na mara nyingi haiumi. Kutouma kwake kulikuwa kumetufariji sisi bure.

Kwa nyuzi 25 hadi 40 hivi, kwa mtoto anayekua, hutolewa koti gumu la plastiki linalobana kiwiliwili. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua bila pindo kufika nyuzi 50, pale ambapo upasuaji hujadiliwa, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Wanaovaa saa nyingi ndio waliofaidika zaidi. Koti halinyooshi uti moja kwa moja, linazuia usiendelee, na mtu aliyekwisha kukua halimsaidii. Kwa hiyo ile miezi minne niliyompa picha ilikuwa miezi ya kukua. Mwezi wa kwanza zilikuwa nyuzi ngapi? Hakuna anayeweza kujua, sikumpeleka.

Sasa wakinamama wa hapa mtaani wananiletea picha za watoto wao nizisome. Nakataa kusema "mzima". Nikiona kiuno kisicholingana, bega, au kichwa kisichokaa juu ya katikati ya makalio, nasema nenda. Nisipoona kitu lakini mama mwenyewe ana wasiwasi, nasema nenda vilevile, kituo cha afya kwanza, wao ndio watakaokuandikia rufaa hadi kwa madaktari wa mifupa, kama ni hospitali ya Mulago au ya CoRSU pale Kisubi. Picha unabeba, ina tarehe, daktari anaweza kuilinganisha. Na mwenye maumivu ya usiku, homa au miguu dhaifu asisubiri hata kupiga hiyo picha.

Binti yetu anavaa koti lake saa 18 kwa siku. Kazi yangu imekuwa fulana za kuvaa ndani yake: pamba tupu, ndefu kufika nyonga, na mshono nimeuhamishia mbele katikati, kwa sababu ile ya ubavuni ilimchubua wiki ya kwanza, pale pale koti linaposukuma.